Malipo ya uzazi Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mabinti wa Unguja na Pemba, na wazee wao

Ukurasa huu ni wa wale wenye binti, dada au mke anayefanya kazi Uingereza na anatarajia kujifungua, na wa hao mabinti wenyewe. Maswali mengi hufika kwangu kwa njia ya familia: mama yuko Wete, mtoto yuko Leicester, na hela zimepungua bila ya mtu kujua kwa nini. Nilifanya kazi ya kuandaa mishahara huko kabla ya kurudi Pemba, kwa hiyo hesabu hii naijua kutoka upande wa anayeifanya. Ninachoeleza hapa ni malipo ya uzazi ya kisheria, yale ambayo kwenye hati ya mshahara huandikwa SMP. Viwango ni vya mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, isipokuwa pale nilipotaja mwaka mwingine.

## Mambo ya mwanzo

Mzazi analipwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Likizo ni wiki 52, lakini zinazolipwa kisheria ni 39. Wiki sita za mwanzo analipwa asilimia 90 ya wastani wa mapato yake ya wiki. Wiki 33 zinazofuata analipwa kiwango kimoja cha serikali, ambacho mwaka huo kilikuwa paundi 187.18 kwa wiki, au asilimia 90 ya wastani wake ikiwa hiyo ndiyo ndogo. Wiki 13 za mwisho hazina kitu.

Asilimia 90 ya wiki sita haina kikomo. Anayepata paundi 400 kwa wiki na anayepata 2,000 wote hupata asilimia 90 ya chao. Ikifika wiki ya saba wote wawili wanakuwa sawa, 187.18. Hapo ndipo maswali ya familia yanapoanza.

Hela alizokuwa akituletea zimekatika nusu ghafla. Kuna jambo anatuficha?

Hapana, amefika wiki ya saba. Mtu aliyekuwa akilipwa paundi 437 kwa wiki anashuka hadi 187 siku moja, na kodi ya nyumba ya Uingereza haishuki pamoja naye. Wazee wangu, anayekuleteeni paundi hamsini katika wiki hizo anajinyima. Na baada ya wiki ya 39, ikiwa bado yuko nyumbani na mtoto, hana malipo hata ya hizo 187, labda mkataba wa kazi yake una nyongeza (angalia swali la hospitali huko chini).

Nani analipa, mwajiri au serikali?

Mkononi analipa mwajiri, siku ileile ya mshahara na kwenye akaunti ileile. Kisha mwajiri anajirudishia kwa kupunguza kodi anazopeleka serikalini. Kampuni kubwa hurejeshewa asilimia 92 ya ilicholipa. Kampuni ndogo hurejeshewa yote pamoja na ziada, ambayo kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa asilimia 8.5. Nalitaja hili kwa sababu kuna mabosi wa nyumba ndogo za kulea wazee wanaomwambia binti "hatuna uwezo wa kukulipa uzazi". Mwenye nyumba ndogo ya wazee anarejeshewa zaidi ya alichotoa, na akiwa hana fedha taslimu anaweza kuomba apewe mapema.

Nani anastahili?

Masharti makubwa ni mawili, na yote yanapimwa katika wiki moja: wiki ya 15 kabla ya ile anayotarajiwa kujifungua. Nitaiita wiki ya kipimo. Kwanza, awe ameshafanya kazi kwa mwajiri huyo mfululizo kwa wiki 26 hadi kuingia wiki hiyo. Pili, wastani wake wa mapato ya wiki usiwe chini ya kiwango cha chini cha Bima ya Taifa, yale makato ya hifadhi ya jamii kwenye mshahara wa huko, ambacho mwaka huo kilikuwa paundi 125 (mwaka wa kodi uliotangulia kilikuwa 123).

Asiyetimiza mojawapo, au aliyejiajiri mwenyewe, mlango wake ni Posho ya Uzazi inayotolewa na serikali moja kwa moja. Mwajiri anayemkatalia lazima ampe fomu ya SMP1 yenye sababu, na fomu hiyo ndiyo anayoambatanisha na maombi ya posho.

Yuko kwa viza ya kazi. Akichukua malipo haya hatavunja sharti la kutotumia fedha za umma?

Havunji. Malipo ya uzazi ya mwajiri hayamo katika orodha ya fedha za umma inayotajwa kwenye viza, na Posho ya Uzazi pia haimo. Posho ya watoto ya kila wiki ndiyo imo, na watu huzichanganya. Nimekutana na zaidi ya binti mmoja aliyejifungua bila ya kudai chochote kwa hofu ya viza, na haki ilikuwa yake.

## Hesabu yenyewe

Mapato gani hasa yanaangaliwa? Ya mwaka mzima? Ya mwezi wa mwisho kabla ya likizo?

Si ya mwaka, wala si ya mwezi wa mwisho. Yanaangaliwa mapato yaliyolipwa katika kipindi cha takriban wiki nane kinachoishia kwenye wiki ya kipimo. Kwa mimba ya kawaida hiyo ni kama wiki ya 17 hadi ya 25, wakati ambapo watu wengi kazini hata hawajajua kuwa ana mimba.

Kipindi kinapatikana hivi. Tafuta Jumamosi ya wiki ya kipimo. Tafuta siku ya mwisho ya mshahara iliyo siku hiyo au kabla yake: huo ndio mwisho wa kipindi. Kisha rudi nyuma angalau wiki nane kamili kutoka siku hiyo, utafute siku ya mshahara iliyotangulia. Kipindi kinaanza kesho yake. Kwa anayelipwa kila mwezi, karibu kila mara itaangukia miezi miwili ya mshahara.

Nipigie hesabu ya mtu mmoja tuione.

Tumwite Asya. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee, saa 37.5 kwa wiki, analipwa siku ya mwisho ya mwezi. Mkunga amemwambia atajifungua tarehe 14 Mei 2025. Wiki za hesabu hii huanza Jumapili, kwa hiyo wiki ya kujifungua inaanza Jumapili tarehe 11 Mei. Rudi nyuma wiki 15 na unafika Jumapili tarehe 26 Januari 2025, na Jumamosi ya wiki hiyo ni tarehe 1 Februari. Ili atimize wiki 26 za kazi, ilimbidi awe ameanza si baadaye ya wiki iliyoanza tarehe 4 Agosti 2024. Asya alianza mwaka 2023, hana tatizo hapo.

Siku ya mshahara iliyo tarehe 1 Februari au kabla yake ni tarehe 31 Januari. Wiki nane nyuma ya hapo ni tarehe 6 Desemba, na mshahara uliotangulia hiyo ni wa tarehe 30 Novemba. Basi kipindi chake ni tarehe 1 Desemba hadi 31 Januari, mishahara miwili.

Wakati huo kima cha chini kilikuwa paundi 11.44 kwa saa, na ndicho alicholipwa. Mshahara wa Desemba ulikuwa 1,859.00. Wa Januari ulikuwa 2,087.80, kwa sababu alifanya saa 20 za ovataimu wakati wa sikukuu zao. Jumla ni 3,946.80. Sasa:

3,946.80 × 6 ÷ 52 = 455.40

Huo ndio wastani wake wa wiki. Asilimia 90 yake ni paundi 409.86, ambazo angelipwa kila wiki kwa wiki sita, halafu 187.18 kwa wiki 33. Nasema "angelipwa" kwa sababu hesabu yake haijaishia hapo. Tutamrudia kwenye sehemu ya mabadiliko.

Kwa nini mara sita na kugawa kwa 52? Miezi miwili si wiki nane?

Miezi miwili ni zaidi ya wiki nane. Mara sita inaifanya miezi miwili kuwa mwaka, na mwaka una wiki 52. Ukigawa 3,946.80 kwa nane unapata 493.35, karibu paundi 38 zaidi ya haki. Binti anafurahi, kisha baada ya miezi mitatu mhasibu anagundua na kuanza kumkata. Kwa hiyo ikiwa hesabu ya kazini imetoka kubwa kuliko yako, usinyamaze. Anayelipwa kila wiki ndiye anayegawa kwa nane, kwa sababu kipindi chake ni mishahara minane ya wiki.

Kinachohesabiwa ni mshahara kabla ya makato au baada?

Kabla ya makato, na ni kila kitu kinachokatwa Bima ya Taifa: mshahara wa msingi, ovataimu, malipo ya usiku, bonasi, malipo ya likizo ya mwaka, hata malipo ya ugonjwa. Cha muhimu ni siku kilipolipwa, si siku kilipofanyiwa kazi. Ovataimu ya Novemba iliyolipwa na mshahara wa Desemba imo ndani ya kipindi cha Asya. Ovataimu ya Januari inayosubiri mshahara wa Februari imebaki nje.

Kosa ninalolijua zaidi ni la mhasibu kuchukua mshahara wa mkataba na kuacha ovataimu. Kwa Asya lingempunguzia zaidi ya paundi 23 kila wiki kwa wiki sita. Kuligundua ni rahisi: chukua hati za mshahara za kipindi, soma jumla kabla ya makato, upige hesabu ya hapo juu. Ikitoka tofauti, uliza miezi gani imetumika.

Basi ni halali kuongeza zamu katika kipindi hicho kwa makusudi?

Ni halali kabisa. Ni kazi umeifanya na kodi imekatwa. Kila paundi 100 ya ziada iliyoingia katika miezi miwili ya kipindi inaongeza kama paundi 10.40 kwa kila wiki ya zile sita, yaani karibu 62 kwa jumla, juu ya hiyo mia yenyewe. Hayo ni ya mwenye afya. Mwenye mimba ya kusumbua asijiue kwa paundi 62.

Nini kinaweza kuushusha wastani bila ya mtu kujua?

Mambo matatu nimeyaona sana. La kwanza ni likizo isiyo na malipo. Binti anakuja Zanzibar kwa harusi ya nduguye wiki tatu mwezi wa Desemba bila ya mshahara, na wiki hizo zinaangukia ndani ya kipindi. Angekuja Oktoba asingepoteza kitu kwenye malipo ya uzazi. Kwa hiyo akijua ana mimba, apige hesabu ya tarehe kabla ya kukata tiketi.

La pili ni ugonjwa. Akilala wiki nne kwa kutapika na analipwa kile kiwango kidogo cha ugonjwa cha serikali tu, kinachoingia kwenye wastani ni hicho kidogo. Sheria ya hesabu hii haijali kwamba ugonjwa wenyewe umetokana na mimba. Ikiwa bado ana siku za likizo ya mwaka yenye mshahara, mara nyingine ni bora azitumie hizo.

La tatu ni makubaliano ya kupunguziwa mshahara ili mwajiri amlipie kitu kingine, kama pensheni au baiskeli. Mshahara uliopunguzwa ndio unaohesabiwa. Watu hukubali mpango huu wakati wa kuajiriwa na kuusahau. Unaonekana kwenye hati ya mshahara kama mstari wenye alama ya kutoa, juu kabisa, kabla ya kodi.

Mkataba wake hauna saa maalumu, au analipwa na wakala. Hesabu ni tofauti?

Hesabu ni ileile, na huyu ndiye inayemgusa zaidi, kwa sababu wiki zake hazifanani. Mwajiri kwa jambo hili ni yule anayemlipa na kumkata Bima ya Taifa, kwa kawaida wakala. Akiwa na kazi mbili kwa waajiri wawili na anatimiza masharti kwa kila mmoja, analipwa na wote wawili.

## Kuanza likizo

Aanze lini ili apate zaidi?

Tarehe ya kuanza haibadilishi jumla. Wastani umeshafungwa kwenye wiki ya kipimo, na wiki ni 39 tu. Anaweza kuanza mapema kabisa wiki 11 kabla ya wiki ya kujifungua, au akafanya kazi mpaka uchungu umkute, na hapo malipo yanaanza siku inayofuata kujifungua.

Kinachobadilika ni wiki zipi zitakuwa na hela nyingi. Wiki sita zinahesabiwa tangu malipo yaanze, si tangu mtoto azaliwe. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na wiki sita ni siku 42, kwa hiyo wengi hudhani asilimia 90 itamtosheleza arobaini nzima. Inakuwa hivyo kwa aliyeanza likizo siku ya kujifungua tu. Asya alianza wiki nne kabla, Jumapili tarehe 13 Aprili, na mtoto alikuja kwa tarehe yake. Alipozaa zilikuwa zimebaki siku kumi na kitu za kiwango kikubwa. Arobaini yake kubwa ilipita katika 187.18. Ikiwa mama anasafiri kutoka Pemba kwenda kumkanda na kumuogesha, hilo la kupanga ni bora lipangwe kabla ya tiketi.

Anaweza kulazimishwa kuanza mapema?

Ndiyo, kwa njia moja. Akikosa kazi kwa ugonjwa unaohusiana na mimba ndani ya wiki nne kabla ya wiki ya kujifungua, likizo na malipo huanza wenyewe siku inayofuata. Mafua hayahesabiki. Shinikizo la damu la mimba linahesabika.

Atoe karatasi gani, na lini?

Mkunga au daktari humpa cheti cha MATB1, ambacho hakitolewi kabla ya wiki 20 zilizobaki kufika wiki ya kujifungua. Mwajiri aarifiwe juu ya likizo ifikapo wiki ya kipimo, na juu ya malipo angalau siku 28 kabla ya kuanza. Kwa vitendo barua moja inatosha kwa yote mawili. Aiandike, hata kama bosi ni mtu wa mzaha na chai.

## Yanayobadilika akiwa likizoni

Mishahara imepanda kazini baada ya yeye kuondoka. Inamhusu?

Inamhusu, na hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi kuliko yote. Mwanamke mmoja aitwaye Alabaster alishitaki benki ya Woolwich iliyokuwa imemwajiri, na kesi yake ikafika Mahakama ya Ulaya, iliyoamua mwaka 2004. Tangu Aprili 2005 kanuni za Uingereza zinasema hivi: nyongeza ya mshahara inayoanza wakati wowote tangu mwanzo wa kile kipindi cha hesabu hadi mwisho wa likizo ya uzazi, wastani unapigwa upya kana kwamba nyongeza ilikuwapo muda wote wa kipindi. Hata kama angelipwa nyongeza hiyo lau angekuwepo kazini tu.

Tumrudie Asya. Tarehe 1 Aprili 2025 kima cha chini kilipanda kutoka 11.44 hadi 12.21. Mishahara yake ya Desemba na Januari inahesabiwa upya kwa 12.21, pamoja na zile saa 20 za ovataimu. Jumla mpya ni 4,212.45. Mara sita, gawa kwa 52, wastani ni 486.05. Asilimia 90 yake ni 437.45 badala ya 409.86. Kwa wiki sita tofauti ni paundi 165.54, na jumla ya wiki zote 39 inakuwa 8,801.64. Wiki 33 za kiwango cha serikali hazikuguswa, kwa sababu 187.18 haitegemei mshahara wake.

Wahasibu wengi hukosa hapa, si kwa ubaya. Programu ya mishahara ilishafunga hesabu mwezi wa Februari, na hakuna anayeifungua tena Aprili isipokuwa ameulizwa. Dalili ni nyepesi: kiasi cha wiki sita za mwanzo ni kilekile kilichoandikwa kwenye barua ya mwanzo, ilhali Aprili imepita na wenzake wamepandishiwa.

Lakini malipo yake yamekwisha tayari. Nyongeza ikija baadaye bado inahesabika?

Ikija kabla ya mwisho wa likizo, ndiyo. Malipo ya Asya yaliisha tarehe 10 Januari 2026, lakini likizo yake ya wiki 52 ilikwenda mpaka tarehe 11 Aprili 2026. Kima cha chini kilipanda tena tarehe 1 Aprili 2026, siku kumi kabla ya kurudi. Hapo wastani unapigwa mara ya pili, na anadai tofauti ya wiki sita zilizokwisha karibu mwaka mzima nyuma. Ukifikiri, wiki 52 haziwezi kupita bila ya kukutana na Aprili. Kwa hiyo kila anayelipwa kima cha chini na akachukua mwaka mzima ana angalau nyongeza moja ya kudai.

Na kwa mwenye mshahara mdogo sana?

Kwake nyongeza ina faida ndefu zaidi. Mtu mwenye wastani wa paundi 150 analipwa 135 kwa wiki zote 39, kwa sababu asilimia 90 yake iko chini ya 187.18. Wastani ukipanda, zinapanda wiki zote 39, si sita tu. Na aliyekataliwa kwa sababu wastani wake ulikuwa chini ya kiwango cha Bima ya Taifa, nyongeza ikimvusha mstari, anaingia.

Kiwango cha serikali chenyewe hupanda?

Kila Aprili, kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mwaka 2025 kilitoka 184.03 kikawa 187.18 tarehe 6 Aprili. Aliye katikati ya wiki zake 33 hubadilishiwa hapohapo bila ya kuomba.

Mshahara ukishushwa, au saa zikipunguzwa?

Baada ya wiki ya kipimo kushuka hakumgusi. Kupigwa upya ni kwa kupanda tu.

Anaweza kufanya zamu mojamoja akiwa likizoni?

Siku 10 kwa likizo nzima, kwa makubaliano, bila ya kupoteza malipo. Saa mbili za mafunzo ni siku moja kamili katika hesabu hiyo. Siku ya kumi na moja inamgharimu malipo ya wiki ile nzima. Wapatane kwa maandishi kabla ya siku yenyewe kama atalipwa zamu juu ya malipo ya uzazi au ndani yake, kwa sababu sheria inamruhusu mwajiri kuhesabu malipo ya uzazi ya wiki hiyo kuwa sehemu ya ujira. Binti akidhani atapata 187 na zamu, na bosi akidhani zamu imo ndani ya 187, hapo ndipo ugomvi.

Na kazi kwa mtu mwingine?

Baada ya kujifungua, akifanya kazi kwa mwajiri ambaye hakuwa naye kwenye wiki ya kipimo, malipo ya uzazi yanakoma. Zamu ya wakala mpya ya Jumamosi moja inaweza kumkatia wiki zote zilizobaki.

Anaweza kuja kukaa Zanzibar na mtoto wakati wa likizo? Malipo yataendelea?

Yataendelea kuingia kwenye akaunti yake kama kawaida. Kuwa nje ya Uingereza hakukatizi malipo haya. Jibu hili ni la malipo ya mwajiri tu. Aliye kwenye Posho ya Uzazi aulize ofisi inayomlipa kabla ya kusafiri.

## Hali zisizo za kawaida

Anafanya kazi hospitali ya serikali na anasema hakushuka wiki ya saba. Inawezekanaje?

Mkataba wake ni bora kuliko sheria. Mfanyakazi wa afya ya umma aliyetimiza miezi 12 ya kazi hupata wiki nane za mshahara kamili, kisha wiki 18 za nusu mshahara pamoja na kiwango cha serikali, kisha wiki 13 za kiwango hicho peke yake. Sharti ni kurudi kazini kwa angalau miezi mitatu. Asiporudi anaweza kudaiwa ile ziada ya mkataba, lakini sehemu ya kisheria hairudishwi kamwe, awe wa hospitali au wa kampuni yoyote.

Ameachishwa kazi, au ameacha mwenyewe, kabla ya kuanza likizo.

Ikiwa bado alikuwa mwajiriwa ilipoingia wiki ya kipimo na masharti ametimiza, analipwa wiki zake 39 hata bila ya kazi. Wengi huondoka bila ya kulijua hili.

Amezaa mapacha. Malipo ni mara mbili?

La. Ni malipo yaleyale na wiki zilezile.

Mtoto amefariki.

Mimba ikiwa imetimiza wiki 24, au mtoto alizaliwa hai wakati wowote hata akaishi dakika chache, likizo na malipo yote yanabaki kama yalivyo. Asiombwe kurudi mapema. Mimba ikiharibika kabla ya wiki 24 malipo haya hayapo, na kukosa kwake kazini kunahesabiwa kuwa ugonjwa.

Hesabu hii inatumika kwa aliyeajiriwa hapa Zanzibar?

Haitumiki. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na mfuko wa ZSSF una fao lake la uzazi. Msichukue wiki sita na asilimia 90 mkazipeleka kwa mwajiri wa Mombasa kwa Mchina au Chake Chake.

Mwajiri amekataa kupiga upya, au amekosea na hasikii. Afanye nini?

Aandike barua pepe fupi, ataje tarehe za kipindi, aambatanishe hati za mshahara na hesabu yake, aombe maelezo ya maandishi. Kwa nyongeza ya mshahara aitaje tarehe ilipoanza. Mara nyingi hapo jambo linakwisha, kwa sababu mhasibu akiona tarehe zimepangwa anajua anazungumza na mtu anayejua. Mwajiri akishikilia, aombe fomu ya SMP1 au sababu kwa maandishi, kisha apeleke shauri HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ambayo ina kitengo cha migogoro ya malipo haya. Kitengo hicho hutoa uamuzi rasmi, na mwajiri akiukataa bila ya kukata rufaa, au kampuni ikifilisika, HMRC humlipa mzazi yenyewe. Ahifadhi hati za mshahara za kipindi chote pamoja na nakala ya MATB1, na picha zake azitume nyumbani pia, maana simu za wazazi hudondoka majini kila siku.